Nundu chini ya goti la kijana mcheza mpira: apumzike au aendelee?

Swali: "Mtaalamu, mwanangu ana miaka 13, yuko Kidato cha Kwanza. Anacheza winga timu ya shule, akademi ya mtaani, na Jumapili mchangani. Mwaka huu amerefuka mpaka suruali za shule zimekuwa fupi. Sasa chini ya goti la kulia ameota nundu ngumu kama mfupa, ukiigusa anaruka. Akitoka mpirani anachechemea, akilala usiku yuko sawa. Kocha anasema ni maumivu ya kukua, acheze tu. Baba yake anataka aache mpira mwaka mzima. Jirani anasema achomwe sindano ya goti. UMISSETA ngazi ya wilaya ni miezi mitatu ijayo. Tumsikilize nani?"

Jibu:

Mama, kwa ulivyoeleza, hakuna hata mmoja kati ya hao watatu wa kumsikiliza moja kwa moja, ingawa kocha na baba kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Dalili zako zinaelekeza kwenye tatizo linalofahamika sana kwa wacheza mpira wa umri huo, linaloitwa ugonjwa wa Osgood-Schlatter. Jina limetokana na madaktari wawili, Robert Osgood wa Marekani na Carl Schlatter wa Uswisi, ambao kila mmoja kwa upande wake aliueleza mwaka 1903. Ukikuta jina hilo kwenye karatasi ya hospitali lisikutishe. Si ugonjwa wa kuambukiza, si saratani, na karibu wote hupona bila kisu.

Unaweza kulihakiki goti mwenyewe leo jioni. Mkalishe ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia. Weka kidole kwenye pia ya goti, kisha kishushe taratibu. Utakutana na kano nene inayoshuka, na upana wa vidole viwili au vitatu chini ya pia utafika pale kano inapojishikiza kwenye mfupa wa muundi. Nundu iko hapo, na maumivu makali yanapaswa kuwa hapo hapo, si ndani ya goti wala pembeni yake. Kisha mshike juu kidogo ya kifundo cha mguu, mwambie anyooshe goti huku wewe unamzuia. Ikimuuma mahali pale pale, sina wasiwasi mkubwa na jina la tatizo. Kama sehemu inayouma ni ncha ya chini ya pia yenyewe, hilo ni tatizo ndugu yake na utaratibu wa kulitunza ni karibu ule ule.

Kwa nini limempata sasa? Misuli ya mbele ya paja yote inaishia kwenye kano moja, inayopita juu ya pia na kushuka hadi kwenye kichomozo kidogo mbele ya muundi. Kila anapopiga shuti, anaporuka kichwa, anapotimka na mpira au anaposimama ghafla kumgeuza beki, mvuto wote wa paja unaishia kwenye kichomozo hicho. Kwa mtu mzima pale pana mfupa mgumu. Kwa mtoto wa miaka 13 bado ni gegedu linalogeuka mfupa polepole, kwa hiyo ni kama kigingi cha kamba ya mbuzi kilichochomekwa kwenye udongo uliolowa: kamba haikatiki, bali kigingi kinalegea. Ongeza na hizo suruali zilizokuwa fupi. Mvulana aliye katika kipindi cha kurefuka kwa kasi anaweza kuongeza sentimita 8 hadi 10 kwa mwaka. Mfupa wa paja hutangulia kurefuka, misuli ikafuata nyuma, na kwa miezi kadhaa paja huwa limekaza hata akiwa amekaa tu. Gegedu linavutwa, linachubuka, mwili unajenga mfupa juu ya jeraha, na hiyo ndiyo nundu unayoishika. Kwa wasichana hutokea mapema kidogo kwa sababu wao hurefuka mapema.

Kocha basi amesema nusu. Kweli linatokana na kukua. Lakini yale maumivu ya kukua ya kawaida huwapata watoto wadogo zaidi, huja jioni au usiku, miguu yote miwili, na asubuhi mtoto anaruka kama hakuna kilichotokea, wala huwezi kuweka kidole mahali pamoja ukasema ni hapa. Ya mwanao yana mahali pake na yana chanzo chake, na chanzo ni kazi anayoipa goti.

Kabla sijaingia kwenye mazoezi, kuna mambo ambayo ukiyaona usisubiri ushauri wangu, nenda hospitali. Maumivu ya usiku yanayomwamsha, au yanayobaki hata akipumzika wiki nzima. Homa, goti zima kuvimba na kuwa la moto, au kupungua uzito. Goti kukwama lisinyooke wala kukunjika. Akichechemea huku nyonga yake haizunguki vizuri, nyonga ipimwe, kwa maana katika umri huu nyonga iliyoteguka kwenye gegedu la ukuaji inaweza kulalamika kwenye goti peke yake, na nimeona watoto wakipakwa dawa gotini huku tatizo liko juu. Mtoto mwenye selimundu asichukuliwe kirahisi pia, maana mifupa yake hupata maambukizi kwa urahisi zaidi. Na hili ni la dharura: akiruka au kupiga shuti, akasikia kitu kimekatika, kisha akashindwa kuunyanyua mguu ukiwa umenyooka, kichomozo kimeng'oka. Huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, eksirei si lazima. Wazazi wengi huipenda kwa kuwa wanashika picha mkononi, lakini sehemu hiyo kwa umri huu mara nyingi huonekana imegawanyika vipande hata kwa mtoto asiye na maumivu. Anayeisoma bila kumgusa mtoto anaweza kukuambia mfupa umevunjika. Kuhusu sindano ya jirani, hapana. Dawa inayochomwa kwenye magoti ya wazee kutuliza uvimbe inaweza kudhoofisha kano na kuharibu ngozi nyembamba ya hapo mbele. Na nundu isichuliwe kwa nguvu wala isikandwe kwa maji ya moto ili "irudi". Ni mfupa, hairudi, na unachokifanya ni kuchokoza jeraha.

Sasa kwenye kiini. Baba anataka mwaka mzima wa kukaa. Namwelewa, lakini goti lililokaa mwaka bila kazi hurudi uwanjani likiwa na paja dhaifu na gegedu ambalo halijazoea mvuto, na mara nyingi maumivu huanza upya ndani ya wiki chache. Zaidi ya hapo, mtoto uliyemkataza kabisa atacheza chandimu nyuma ya nyumba bila wewe kujua. Tunachohitaji ni kupunguza mzigo mpaka goti litulie, kisha kuurudisha kwa kipimo.

Ili upunguze lazima kwanza uhesabu. Chukua daftari, muulize wiki yake yote, usimuulize "mazoezi" peke yake. Kwa mtoto wa aina ya mwanao hesabu huwa hivi: timu ya shule siku tatu, akademi siku mbili au tatu, mechi ya Jumapili. Tayari ni siku sita au saba. Kisha yale yasiyohesabiwa na mtu. Mchakamchaka wa asubuhi siku tano. Kipindi cha michezo. Kuruka kichura, awe ameamriwa na kocha kama mazoezi ya nguvu au na mwalimu wa zamu kama adhabu, ambako goti hukunjwa hadi mwisho kisha paja linalipuka. Kwa tatizo hili sijui zoezi baya zaidi ya hilo. Kupigishwa magoti kwenye sakafu ya saruji. Kudeki darasa akiwa amepiga magoti. Kocha wa shule hajui kocha wa akademi amemfanyisha nini jana, na wote wawili hawajui ya mchakamchaka. Goti peke yake ndilo linalopokea jumla.

Utahitaji pia kipimo cha maumivu, na mtoto anayetaka kucheza atakuambia "haliumi" hata likiwaka. Kwa hiyo mimi hutegemea asubuhi. Kila siku kabla ya chai, asimame mguu wa kulia peke yake, ashike ukuta kwa kidole, akunje goti kidogo kana kwamba anataka kukaa, kisha ainuke. Akupe namba kutoka 0 hadi 10, uandike. Namba ya leo ndiyo inayoihukumu jana. Ikiwa jana alicheza na leo namba haijapanda, mzigo wa jana unavumilika. Ikiwa imepanda kwa alama mbili au zaidi, jana ilizidi, na leo ni siku ya kupumzika hata kama kocha ana mechi ya kirafiki. Wakati wa mazoezi yenyewe maumivu hadi 3 yanakubalika. Yakizidi 5, au akianza kuchechemea kwa namba yoyote ile, anatoka uwanjani. Kuchechemea ndiko ninakokuamini zaidi, kwani mtoto hawezi kukuficha.

Wiki nne za kwanza nitakuomba uwe mkali. Mechi zisimame, mchakamchaka usimame, na kuruka, kutimka na kupiga shuti visimame. Kama kuna mtu wa kumpelekea barua ni mwalimu wa michezo, na iandike wazi kwamba haruki kichura wala hapigi magoti kwa sababu yoyote. Asiondolewe kwenye timu, ila awe na kazi yake: pasi za karibu kwa upande wa ndani wa mguu, kutuliza mpira, danadana kama hazimuumi, kurusha. Kama kuna baiskeli na haimuumi, aiendeshe kwenye njia tambarare huku kiti kimepandishwa ili goti lisikunjike sana. Mapafu hayataanguka.

Katika wiki hizo hizo ana kazi moja ya nyumbani kila siku. Akae sakafuni mguu ukiwa umenyooka, chini ya goti uweke khanga au taulo iliyokunjwa. Alikandamize taulo kwa nyuma ya goti kwa kukaza paja, ashikilie sekunde 30, aachie, mara kumi. Hapa misuli inafanya kazi bila goti kukunjika, kwa hiyo kano inavuta kwa utulivu, bila kishindo. Baada yake alale chali, magoti yakiwa yamekunjwa, nyayo sakafuni, ainue makalio mpaka mwili uwe mstari kutoka mabega hadi magoti, mara kumi pia. Misuli ya makalio ikiwa na nguvu, paja halibebi kila kitu peke yake. Kunyoosha misuli ya nyuma ya paja na ya vigimbi kunaruhusiwa tangu mwanzo. Kule kuvuta kisigino hadi kwenye makalio ili kunyoosha paja la mbele kusubiri, maana wakati goti bado ni bichi zoezi hilo linavuta pale pale panapouma. Likishatulia, aanze kidogo kidogo, sekunde 30 kila upande.

Kuanzia wiki ya tano, kama namba ya asubuhi imekaa 2 au chini kwa wiki nzima, paja lianze kubeba uzito. Asimame mgongo ukiegemea ukuta, ashuke nusu ya kiti, ashikilie, apande. Akiweza hivyo bila kupandisha namba, aende kwenye kupiga hatua ndefu mbele na kushuka, kwanza mara chache. Uwanjani anaanza kukimbia mwendo wa kawaida, siku moja anakimbia, siku inayofuata anapumzika. Halafu kasi inaongezwa, halafu kugeuka, na shuti na kuruka vinakuja mwisho. Kanuni yangu ni kuongeza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukirudisha shuti na mechi wiki moja na namba ikapanda, hutajua mkosaji ni nani.

Mfano: wiki ya tisa anarudi mazoezi ya timu ya shule Jumatatu na Alhamisi tu, kila mara nusu ya muda. Ijumaa asubuhi namba ni 1, sawa. Wiki ya kumi mazoezi kamili siku hizo mbili. Ijumaa asubuhi namba inaruka kutoka 1 hadi 4. Hapo hatuanzi upya wala hatuogopi. Tunampumzisha mpaka namba irudi ilikokuwa, kwa kawaida siku mbili au tatu, kisha tunarudi kwenye nusu muda wiki moja zaidi. Wazazi wengi huvunjika moyo kwenye mruko huo wa kwanza na kumfungia mtoto ndani. Goti linapanda na kushuka katika miezi hii, ni kawaida yake.

Barafu inasaidia baada ya mazoezi, dakika 10 hadi 15, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa isichome ngozi. Dawa ya maumivu ni ya siku chache goti likiwa limewaka, kwa kipimo cha uzito wake kama atakavyoelekeza mfamasia. Asimeze kidonge ili acheze mechi. Maumivu ndiyo kipimo chetu, ukiyazima kabla ya mechi unamruhusu avunje hesabu yote bila kusikia. Ukanda mwembamba unaofungwa chini ya pia huwasaidia baadhi ya watoto na wengine hauwafanyii kitu. Ujaribu kama unapatikana kwa bei nafuu, usikope pesa kwa ajili yake. Kama anaswali au anasali kwa kupiga magoti, mwekee mto au mkeka mnene.

Na viatu. Njumu zenye meno marefu kwenye uwanja mkavu wa udongo ulioshindiliwa haziingii ardhini, zinasimama juu yake, na kishindo kinapanda mguuni. Kwa viwanja vyetu vingi vya kiangazi raba za meno mafupi zinamfaa zaidi, hata kama hazina sura ya kitaalamu anayoitaka.

Muda sasa, maana najua ndilo linalokusumbua. Watafiti wa Denmark walichapisha mwaka 2020 matokeo ya watoto 51 wa miaka 10 hadi 14 waliopewa utaratibu wa namna hii kwa wiki 12. Baada ya wiki hizo wengi sana walisema wamepata nafuu kubwa, takriban 8 kati ya 10. Lakini waliokuwa wamerudi kwenye michezo yao kikamilifu wakati huo walikuwa wachache, chini ya mmoja kati ya watano. Baada ya mwaka walikuwa kama theluthi mbili. Nafuu ya kila siku hutangulia, mpira kamili huchelewa. Tatizo lenyewe hufungwa na mwili pale gegedu linapomalizika kugeuka mfupa, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja hadi miwili tangu lianze, na katika kipindi hicho linaweza kuamka tena kila anaporefuka ghafla. Mpime urefu ukutani kila mwezi kwa penseli. Mwezi ambao mstari umeruka karibu sentimita moja, punguza mzigo kabla goti halijalalamika, na uliangalie goti la kushoto pia, maana kwa sehemu ya watoto hawa yote mawili hushikwa.

Nundu atabaki nayo. Itaacha kuuma, ila akiwa mtu mzima ataiona akivaa kaptura, na huenda kupiga magoti kwenye sakafu ngumu kukaendelea kumkera. Wachache hubaki na kipande kidogo cha mfupa ndani ya kano kinachoendelea kuuma hata baada ya kumaliza kukua. Hao ndio ambao daktari wa mifupa anaweza kuwafikiria kwa upasuaji wa kukitoa, na si sasa.

Kuhusu UMISSETA, nikihesabu wiki zako 12, siwezi kukuahidi. Nitakupa masharti. Wiki mbili kabla ya mashindano awe amefanya mazoezi kamili matatu ndani ya wiki moja, namba ya asubuhi isizidi 2, aruke kwa mguu wa kulia peke yake mara kumi bila kukunja uso, na apige mashuti ya nguvu bila kulinda goti. Akiyatimiza yote, acheze kipindi kimoja, si dakika zote, na mechi mbili zisifuatane bila siku ya kupumzika katikati. Ratiba za ngazi ya wilaya hubana, kwa hiyo zungumza na mwalimu wa michezo mapema kuhusu hilo la pili, maana huko ndiko makubaliano huvunjika. Asipoyatimiza, awe kwenye benchi na timu yake. Na kama baada ya wiki sita za kupunguza mzigo kwa uaminifu namba ya asubuhi haijashuka kabisa, mlete aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia au daktari wa mifupa, na uje na lile daftari.